Rangi ya Nyama Inasema Nini?



Tumepewa dakika chache tuzungumzie nyama ya ng'ombe, hasa ile inayouzwa kwenye plastiki iliyonyonywa hewa. Wengi wetu tukiona ile rangi ya zambarau, kama mahali palipovilia damu, tunasema: hii imeshaoza. Basi inatupwa jalalani, na pesa imekwenda na maji.

Kinachotia nyama rangi kinaitwa mayoglobini. Hiyo siyo damu, maana damu nyingi ilishatoka wakati wa kuchinja. Mayoglobini ina chuma ndani yake. Isipopata oksijeni huwa zambarau. Ikiipata ya kutosha huwa nyekundu ya kung'aa. Ndiyo maana hata nyama iliyochinjwa leo, ukiikata katikati, ndani yake ni zambarau kwanza.

Tuchukue mfano wa kipande cha kilo mbili. Fungua plastiki, kikate viwili, viweke kwenye sinia ndani ya friji, kimoja kikilalia kidogo kingine. Baada ya kama nusu saa, sehemu zinazopigwa na hewa zitakuwa nyekundu, na ile harufu ya uchachu ya kufungiwa itakuwa imepungua.

Kesho yake inua kile cha juu. Pale vilipogusana utakuta baka la kahawia au kijivu. Mtu atasema uozo umeanzia hapo. La, akina mama! Hewa imefika hapo, lakini kidogo tu, na hewa kidogo ndiyo inayoigeuza mayoglobini kuwa kahawia upesi zaidi. Chuma chake hubadilika, kwa mfano wa chuma kinavyopata kutu. Ukiona baka hilo kwenye plastiki ambayo haijafunguliwa, kagua mshono: pengine hewa ilibaki, au pana tundu. Nyama iliyokaa siku nyingi nayo hugeuka kahawia hivyo hivyo.

Sasa tutajuaje iliyooza? Tuiguse na kuinusa. Iliyooza ina utelezi unaonata vidoleni, na uvundo wake hauishi hata ukiiacha nusu saa. Ikianza kuwa na ukijani, au plastiki imevimba kama mpira, usiinunue wala usiipike.

Lakini tusidanganywe na wekundu pia. Vijidudu vinavyoleta maradhi vinaweza kuwemo na nyama ikabaki nyekundu, haina harufu yoyote. Kwa hiyo baka la kahawia peke yake lisitufanye tutupe, na wekundu peke yake usitufanye tuamini. Tuulize imekaa siku ngapi, na ilikaa kwenye baridi? Friji iwe nyuzi 4 au chini yake, na nyama ya vipande ikishafunguliwa ipikwe ndani ya siku 3 hadi 5. Ya kusaga isipite siku 2.