Vipeperushi Vingi, Nafasi Ngapi?



Kesho mtaingia katika maonesho ya ajira. Kila banda litawapa kipeperushi, na wengi hurudi nyumbani na mfuko uliojaa. Lakini kipeperushi hueleza taasisi inafanya nini. Hakisemi kama leo inamtafuta mtu. Habari hiyo hupatikana kwa kuuliza.

Jambo la kwanza ni kumjua aliyesimama bandani. Mara nyingi ni mtu wa masoko, aliyetumwa kuitangaza kampuni. Mwulizeni kwa adabu: “Samahani, je, wewe unahusika na kuajiri?” Akisema hapana, ombeni cheo na ofisi ya anayehusika.

Ukimpata mhusika, usimwulize kama kuna kazi, maana atajibu, “Leta wasifu wako, tutakupigia.” Uliza swali lisiloweza kujibiwa hivyo: “Ni nafasi ipi iliyo wazi sasa, au itakayotangazwa ndani ya miezi mitatu?”

Tuchukue mfano wa mhitimu wa uhasibu katika banda la kampuni ya usafirishaji. Anaambiwa kwamba makao makuu hapana nafasi ya mhasibu, ila mwezi ujao watahitajika makarani wawili wa ghala mjini Mwanza. Hapo anaendelea: mkataba ni wa muda gani? Nafasi hizi ni mpya, au waliopo wanaondoka? Tangazo litatoka wapi, na maombi yatapokelewa kwa njia gani? Kabla ya kwenda banda jingine anayaandika majibu yote, pamoja na tarehe na cheo cha aliyeyatoa. Ukurasa huo mmoja una thamani kuliko vipeperushi ishirini.

Majibu ya kukwepa nayo ni habari. Asiyeweza kutaja cheo, kituo cha kazi wala njia ya kuomba, huenda anakusanya majina tu. Usimwachie nakala za vyeti wala namba ya kitambulisho chako.

Hata jibu zuri si ahadi. Nafasi ya makarani inaweza kuahirishwa bajeti ikibadilika. Kwa hiyo baada ya wiki mbili rudi kuuliza katika ofisi uliyoelekezwa. Kwa taasisi za umma hapa Tanzania, maombi ya nafasi zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira hutumwa kwa mfumo wa Ajira Portal, bila malipo. Kumwachia barua ofisa wa bandani hakuchukui nafasi ya maombi hayo. Yeye mwulizeni sifa zinazotakiwa, na kama usajili wa bodi ya taaluma ni sharti.

Mwisho, wakala wa ajira akitaka ada ya fomu au ya kuunganishwa na mwajiri, msitoe. Mwombeni awaonyeshe leseni yake, kisha ithibitisheni katika ofisi ya kazi.