Vitabu vya Kurtuba

Alhamdulillahi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu zangu Waislamu,

Habari za Andalusi, nchi iitwayo leo Hispania, ni nyingi. Nitashika moja tu: habari ya vitabu vya mji wa Kurtuba.

Zama za Khalifa Abdurrahman wa Tatu, mfalme wa Rumi alimpelekea kutoka Konstantinopoli kitabu cha dawa cha Dioskoride, kwa lugha ya Kiyunani. Tafsiri ya Kiarabu ilikuwapo, iliyotoka Baghdadi, lakini miti mingi ilikuwa imeachwa kwa majina ya Kiyunani, wala Kurtuba hapakuwa na mtu wa kuyafahamu. Khalifa akaomba mjuzi, na mwaka 951 akaja mtawa wa Kikristo, jina lake Nikola. Akaketi na Hasdai bin Shaprut, tabibu wa Kiyahudi aliyemtumikia Khalifa, na matabibu wa Kiislamu, wakaitambua miti hiyo mmoja mmoja. Hawakuwa sawa mbele ya sheria, kwani Wakristo na Wayahudi walitoa jizya. Lakini mbele ya kitabu kile kila mmoja alimhitaji mwenziwe.

Mwanawe, al-Hakam wa Pili, alitawala tangu 961 hata 976. Yasemekana alikusanya vitabu 400,000, na orodha ya majina yake peke yake ilijaza madaftari 44. Alimpelekea Abulfaraj wa Isfahani dinari 1,000 ili apate nakala ya kitabu chake kabla hakijaenea Iraki. Pia alifungua vyuo 27 kwa watoto wa maskini.

Alipokufa alimwacha Hisham, naye ni mtoto. Utawala ukashikwa na waziri aitwaye al-Mansur. Huyu, kwa kutaka radhi za mafakihi, aliwaachia wachague vitabu vya falsafa na nujumu katika hazina ile, vikachomwa moto. Mwaka 1009 fitna ikazuka baina ya Waislamu wenyewe. Kurtuba ikazingirwa, vitabu vingi vikauzwa. Na jeshi la Waberberi lilipoingia mwaka 1013, vilivyosalia vikatekwa. Mwaka 1031 ukhalifa ukaondolewa, nchi ikagawanyika vipande vipande, kila kipande na mtawala wake, na baadhi yao wakawalipa ushuru wafalme wa Kikristo ili wawasaidie juu ya ndugu zao.

Gharnata, ya mwisho, ilisalimu amri mwaka 1492 kwa ahadi kwamba dini ya watu wake haitaguswa. Mwaka ule ule Wayahudi walifukuzwa. Kiasi cha mwaka 1500 askofu mkuu Sisneros alivichoma hadharani vitabu vya Kiarabu, akabakisha vya tiba. Tangu 1609 hata 1614 wazao wa Waislamu nao wakatolewa nchini.

Basi tukiulilia moto wa Sisneros, tukumbuke ya kuwa uliutangulia moto mwingine kwa miaka mia tano, nao uliwashwa na mikono ya Waislamu.

Wabillahi taufiki.