Kulabu Ilikuwa Wapi? Kuandika Ripoti ya Anguko la Mpanda Mnara



Nina sentensi moja ninayoichukia katika ripoti za ajali za minara ya simu: "Fundi alikuwa amevaa hanesi." Haisemi lolote. Hanesi ni mikanda tu. Kinachomshika mtu ni chuma alichojifungia, pamoja na nafasi iliyopo chini yake.

Nitatumia kisa nilichokitunga kwa ajili ya darasa langu. Fundi yuko mita 32 kutoka ardhini kwenye mnara wa mita 45 nchini Kenya, anabadilisha antena. Anateleza na kutua kwenye jukwaa la kupumzikia lililo mita 3 chini ya miguu yake, anavunjika mguu. Wenzake wanamteremsha. Msimamizi anapofika anaiona hanesi chini, kamba ya mita 2 ikiwa bado imeshikamana nayo, na kile kifuko cha kufyonza mshtuko hakijachanika hata uzi mmoja. Anaandika: "Fundi alifungua kulabu yake. Uzembe."

Ushahidi unaonekana kumuunga mkono. Kifuko hicho kina utepe uliokunjwa na kushonwa. Kamba ikikazwa na mtu anayeanguka, mishono huachia mmoja baada ya mwingine na nguvu ya mshtuko hupungua. Ukikikuta kizima, ni rahisi kusema kamba haikushika kitu. Tupige hesabu kwanza.

Fundi alikuwa ameifunga kulabu kwenye chuma cha mshazari, usawa wa miguu yake. Pete ya mgongoni iko kama mita 1.5 juu ya miguu. Ili kamba ya mita 2 ikazwe, pete hiyo lazima ishuke mita 2 chini ya kulabu, na wakati huo miguu itakuwa mita 3.5 chini ya kulabu. Jukwaa liko mita 3. Alitua kabla kamba haijakazwa! Kifuko kilikuwa kizima kwa sababu hakikupewa nafasi ya kufanya kazi. Kwa vifuko vya kiwango cha EN 355, vinavyoweza kurefuka hadi mita 1.75, ukiongeza mita moja ya tahadhari unahitaji mita 6.25 zilizo wazi chini ya kulabu. Yeye alikuwa na chini ya nusu.

Basi nani alifungua kulabu? Wenzake, walipokuwa wakimuokoa. Hawakukosea, majeruhi hutangulia ushahidi. Ila mwandishi wa ripoti alipaswa kuwauliza, kisha kumpandisha mtu mwenye kamera akatafute mkwaruzo kwenye zinki ya chuma kile, na kupima kwa futi kutoka hapo hadi jukwaani. Hanesi na kamba hutiwa kwenye mfuko uliofungwa. Hazirudishwi stoo, ambako kesho atazichukua mtu mwingine.

Sasa kibali cha kazi. Kilisainiwa saa moja na nusu asubuhi kwa antena ya juu kabisa, mahali ambapo chini pako wazi. Saa nne fundi alipigiwa simu ashuke kwenye antena ya mita 32. Kazi ilibadilika, karatasi haikubadilika, na hakuna aliyeuliza chini ya mahali papya pana nini. Kibali kipya kingedai kulabu ifungwe juu ya kichwa, kwenye nguzo kuu ya mnara. Kwangu mimi chanzo ni kukosekana kwa kibali hicho, na ripoti inapaswa kuandika saa ya simu hiyo na cheo cha aliyepiga.

Kwenye kisanduku cha mpango wa uokoaji katika kibali cha asubuhi palikuwa na alama ya vema. Nyuma ya alama hiyo hapakuwa na jina la mwokoaji, na mfuko wa kamba za kuteremshia ulikuwa na kikosi kingine. Majeruhi alikaa jukwaani dakika 90. Angekuwa ananing'inia kwenye hanesi, damu ikituama miguuni, angeweza kuzimia kabla ya nusu saa, na anguko ambalo kamba imelizuia lingegeuka kifo.

Kuhusu muda, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 humtaka mwajiri amjulishe afisa wa eneo ndani ya saa 24 mtu akifa, na kupeleka taarifa ya maandishi ndani ya siku saba. Majeruhi naye huandikiwa taarifa ndani ya siku hizo saba. Siku saba zinatosha kabisa kupanda mnara na futi.

Ripoti ya kisa chetu ningeianza hivi: "Kulabu ilikuwa imefungwa kwenye chuma cha mshazari, mita 32 kutoka ardhini na mita 3 juu ya jukwaa. Ilifunguliwa na mwokoaji baada ya anguko."