Deni lenye haukukopa: uliza dosie mbele ya kulipa
(Maneno tuliyosema kwa memba katika mkutano wa Pweto)

Ndugu zetu, tunaanza na habari ya mama mumoja tuliyemusindikiza. Alikimbia vita mwaka 2017, akaishi kambini Mantapala, Zambia, akarudi Pweto 2022. Mwezi wa pili tangu arudi, mutu wa koperative moja akapiga hodi: «Mama, uko na deni ya dola 300. Na malipizi imefika 465. Leta hata 20 leo, tutulie.»

Mama alikuwa karibu kuzitoa. Tukamwambia: hapana. Ukilipa hata kidogo, ama ukitia sahihi kwenye mupango wa kulipa, ni kama unakubali kwamba ulikopa wewe. Kiisha hapo kujitetea kunakuwa kugumu sana.

Tulienda naye kwa jeran, tukaomba kopi ya dosie. Tuliangalia vitu vitatu. Tarehe: Mei 2021, wakati yeye alikuwa Mantapala. Sahihi: kidole kimepigwa, lakini mama anajua kuandika, na kadi yake ya uchaguzi iko na sahihi yake. Mwisho, ni nani alipokea pesa: jina la mama, lakini namba ya simu ya mutoto wa ndugu yake. Wakati wa kukimbia, mama alimwachia fotokopi ya ile kadi. Njo ilitumika kwenye kikundi cha watu watano wenye kudhaminiana.

Kiisha tukaandika barua ya kukataa deni, kopi mbili. Moja ilibaki kwao, ya pili wakaipiga kashe na tarehe, mama akaichunga. Tuliunganisha kopi ya karte ya mukimbizi na ya fomu ya HCR ya kurudi kwa hiari. Hizo karatasi njo zilionyesha alikuwa wapi. Musizitupe.

Hapo familia ikaingia: «Usimufunge mutoto, tutamaliza nyumbani.» Tunaelewa. Kutia sahihi ya uongo ni kosa la jinai, na mashitaka kwa OPJ ama parke inaweza kupeleka mutu gerezani. Mama alichagua kupatana. Lakini mapatano ya nyumbani peke yake hayafuti jina katika kitabu cha koperative. Kwa hiyo kijana alikuja kwa jeran, akaandika kwamba deni ni lake, akaanza kulipa kwa jina lake. Angekataa, ingebaki kushitaki tu.

Mama hakutoka pale mikono mitupu. Aliomba karatasi yenye kashe inayosema hana deni, na jeran aandike kwamba jina lake litasahihishwa pia kule walikolipeleka kama mutu asiyelipa. Bila hiyo, jeran akibadilishwa, yule mupya anafungua kitabu cha zamani, na hodi inapigwa tena.

Mwenye amepigiwa hodi kama hiyo, atuone leo mbele ya kwenda nyumbani. Aje na kadi yake na karatasi za kurudi.