Etiketi ya mbegu inasema nini, na sahani ya mchanga inasema nini
Maneno yaliyotolewa mbele ya wanachama wa Nzilo kabla ya ununuzi wa mbegu za msimu



Leo tunaongea juu ya kitu kimoja tu: mbegu ya mahindi ambayo sanduku letu la kusaidiana litanunua mbele ya mvua. Pesa ni ya likelemba yetu, pamoja na ile ya wafadhili. Kila nyumba inakamata mfuko wa kilo 10 kwa mkopo, na inarudisha kwa mahindi wakati wa mavuno. Mbegu ikikosa, nyumba inakosa bukari, na deni linabaki palepale. Ndiyo maana kamati iliombwa ieleze namna inavyochagua, ili kila mtu aweze kuchagua vilevile hata akienda peke yake ku soko la Kolwezi.

Tuanze na jambo ambalo linachanganya watu wengi. Mbegu iko na maswali mawili, si moja. La kwanza: je, iko hai? La pili: je, ni ya ukoo gani? Punje inaweza kuwa hai kabisa lakini si aina uliyolipia. Inaweza pia kuwa ya ukoo mzuri sana lakini imekufa ndani ya mfuko. Swali la kwanza unaweza kulijibu mwenyewe nyumbani, kwa siku 7. La pili huwezi kulijibu kwa macho wala kwa kuotesha. Hilo linajibiwa na etiketi, na na mtu aliyekuuzia.

Etiketi

Mbegu halali haianzi dukani. Watafiti wanatoa mbegu kidogo ya mwanzo. Kwetu Kongo kazi hiyo ni ya INERA na vyuo. Mbegu hiyo inazalishwa tena na tena, kizazi baada ya kizazi, mpaka iwe nyingi ya kuuzwa. Katika kila kizazi mkaguzi anapita shambani, kisha sampuli inapelekwa laboratwari. Ku Kongo wanaofanya hivyo ni SENASEM, huduma ya taifa ya mbegu. Ku Zambia, ambako mbegu nyingi za hapa zinatoka kupitia Kasumbalesa, ni taasisi yao ya udhibiti wa mbegu iliyoko Chilanga.

Rangi ya etiketi inaonyesha kizazi. Katika utaratibu wa SADC, nyeupe ni mbegu ya msingi, ile ya kuzalishia mbegu nyingine. Buluu ni mbegu iliyothibitishwa ya kizazi cha kwanza, nyekundu ni ya kizazi cha pili. Kijani ni mbegu ambayo mzalishaji mwenyewe ametangaza ubora wake, na ukaguzi wake ni mwepesi zaidi. Kwa mkulima wa kula na kuuza kidogo, buluu na nyekundu zote zinafaa. Kijani pia inaweza kufaa, kama unamjua mzalishaji.

Lakini usiishie ku rangi. Soma mambo manne: jina la aina, namba ya loti, tarehe ya kupimwa, na kiasi cha kuota. Kwa mahindi yaliyothibitishwa, kiasi hicho kisipungue 90 kwa 100. Namba ya loti ndiyo yenye nguvu kuliko yote, kwa sababu ndiyo inayounganisha mfuko wako na shamba ambalo mkaguzi alilipita. Mfuko bila namba ya loti ni kama mtoto ambaye hakuna anayejua wazazi wake.

Tena angalia namna etiketi ilivyoshikwa. Ya kweli inashonwa pamoja na mdomo wa mfuko, kwa uzi mmoja wa mashine. Ukiona matundu ya zamani kando ya uzi mpya, au ukiona imebandikwa kwa gundi juu ya mfuko ulioshonwa kwa mkono, jua kwamba mfuko umeshafunguliwa. Mifuko mitupu yenye majina makubwa inauzwa, watu wanaijaza mahindi ya kusaga. Kwa hiyo, ukimaliza kupanda, pasua mfuko wako. Usimuuzie mtu.

Na ile rangi nyekundu au kijani juu ya punje zenyewe? Ni alama ya dawa, kukuonya usile na usiwape kuku. Si ushahidi wa ubora. Mtu yeyote anaweza kupaka mahindi rangi kwenye beseni.

Sahani

Sasa swali la uhai. Hapa hatuhitaji laboratwari.

Kamata punje 100 bila kuchagua, kutoka juu, katikati na chini ya mfuko. Kama mifuko ni mingi ya loti moja, chota kidogo katika kila mmoja. Weka mchanga safi wa mto ndani ya sahani pana au kibeseni kilichotobolewa chini, uloweshe, kisha uuminye kwa mkono: ushikane, lakini usitoe maji. Panda punje mistari 10, kila mstari punje 10, chini kidogo kama unene wa kidole. Funika kwa kitambaa, weka kivulini, nyunyizia maji mchanga ukianza kukauka. Kwa joto la Septemba na Oktoba, siku ya 4 utaona nyingi zimetoka. Hesabu ya mwisho ni siku ya 7.

Hesabu tu mimea yenye mzizi na jani, vyote viwili, vilivyonyooka. Iliyotoa mzizi tu bila jani, au iliyopinda na kuoza, usiihesabu, maana shambani haitasimama. Ukirudia jaribio, usishangae kuona tofauti ya punje 3 au 4, hiyo ni bahati tu. Basi 88 na 91 ni karibu sawa. Lakini 70 na 90 si sawa hata kidogo.

Maduka matatu

Tuwaonyeshe namna ilivyofanya kazi. Mbele ya kuagiza, kamati ilinunua mfuko mmojamoja kwa wauzaji watatu. Hatuwataji majina, maana shabaha si kugombana na mtu.

Mfuko wa kwanza ulikuwa na etiketi ya buluu, iliyoshonwa, yenye loti na tarehe ya karibuni. Ku sahani ziliota 94.

Wa pili ulikuwa na etiketi nzuri vilevile, isipokuwa tarehe ilikuwa ya msimu uliopita, na depo ya yule muuzaji iko chini ya mabati, mifuko imelundikwa mpaka karibu na paa. Ziliota 71. Etiketi haikudanganya: siku ya kupimwa mbegu ilikuwa nzima. Joto ndilo lililoiua baadaye. Wataalamu wa kuhifadhi mbegu wanakadiria kwamba kila joto likipanda digrii 5, maisha ya mbegu yanapungua karibu nusu.

Hiyo 71 maana yake nini shambani? Tuseme unapanda punje 2 kwa kila shimo. Katika mashimo 100, kama 8 yatabaki matupu, kama 41 yatakuwa na mmea mmoja tu, na 50 hivi yatakuwa na miwili. Kwa ile mbegu ya 94, karibu hakuna shimo tupu, na mashimo 88 yana miwili. Palizi ni ileile, mbolea ni ileile, lakini mavuno si yaleyale.

Mfuko wa tatu ndio unaofundisha zaidi. Bei yake ilikuwa ndogo, na muuzaji alituambia: "Papa, hii iko ya Zambia kabisa, kamata tu!" Ku sahani ziliota 96, kuliko zote! Lakini etiketi haikuwa na loti. Tulipozimwaga ku kitambaa, tuliona punje kubwa na ndogo, bapa na mviringo, pamoja na vipande vilivyovunjika. Mbegu ya kiwandani inachujwa kwa ukubwa, punje za mfuko mmoja zinafanana. Tulipoomba fakitire yenye jina la aina, alikataa kuandika. Tukaiacha.

Kwa nini tuiache na inaota 96? Kwa sababu mahindi mapya ya kula yanaota vizuri sana. Kama yametoka ku shamba la chotara, tuseme SC 403 au ZMS 606, watoto wake hawafanani na mama: wengine warefu, wengine wafupi, masikio hayajai, na mavuno yanashuka. Sahani haiwezi kukuonyesha hilo. Utaliona Februari, wakati hakuna tena la kufanya.

Kwa aina zisizo chotara ni tofauti. Unilu ya chuo kikuu cha Lubumbashi, au Mudishi ya INERA Ngandajika, unaweza kuihifadhi na kuipanda misimu 2 au 3 ukichagua masikio mazuri katikati ya shamba. Kwa hiyo jirani anaweza kuwa muuzaji mwema wa aina hizo. Ila mwombe akuonyeshe shamba likiwa bado limesimama. Lisiwe karibu na mahindi ya aina nyingine: mita 200 ndiyo umbali salama, kwa sababu upepo unabeba chavua.

Muuzaji wa kuaminika

Muuzaji wa kuaminika hatumjui kwa maneno matamu. Tunamjua kwa mambo matatu: anaandika fakitire yenye aina na namba ya loti, anakubali uchukue mfuko mmoja, upime, urudi baada ya wiki, na mifuko yake iko juu ya mbao, mbali na ukuta na bati la moto. Ukiwa na shaka na namba ya loti, iandike, uipeleke ku ukaguzi wa kilimo wa jimbo, au umwombe mtu anayesafiri aifikishe SENASEM Lubumbashi.

Msimu huu tunafanya hivi. Kila nyumba itakayopokea mfuko iweke vitu vitatu mpaka mavuno: etiketi, nakala ya fakitire, na konzi mbili za mbegu ileile ndani ya chupa kavu iliyofungwa, mbali na watoto. Shamba likikataa, vitu hivyo vitatu ndivyo vitakavyotuonyesha kama kosa ni la mvua, la mdudu, au la mbegu. Bila hivyo, yanabaki maneno yetu na maneno ya muuzaji.

Sahani za loti ya sasa ziko kwa mweka sanduku. Siku ya 7 tutahesabu pamoja, mbele ya wote. Zikipita 90 tunalipa. Zikipungua, pesa inabaki ndani ya sanduku na tunatafuta kwingine. Mvua bado inatuachia muda.