Kreatini na tumbo tupu

Kijana wa Nyanza-Lac anayekimbia ufukweni alfajiri kabla ya kula, kisha akanywa kreatini, asitarajie nguvu asubuhi hiyohiyo. Unga huo hujaza misuli polepole: gramu 3 kila siku huchukua takriban wiki nne. Kwa hiyo tumbo tupu halibadilishi mengi. Ni kweli, wanga mwingi huamsha insulini na kuharakisha kidogo ujazaji, lakini mwisho wa mwezi tofauti hiyo karibu haionekani.

Tatizo ni tumbo lenyewe. Dozi kubwa, au unga usioyeyuka vizuri, huweza kuleta kichefuchefu au kuhara. Likikusumbua, kunywa baada ya mazoezi, pamoja na wali na ndagala. Samaki nao wana kreatini. Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza.