Usiku wa Kuamkia Jumamosi: Tarehe za Hijria na Miladia katika Picha za Nyaraka Zinazotafsiriwa kwa Kiarabu

Nimechagua kuzungumza juu ya karatasi moja tu. Nimeibuni kwa ajili ya semina hii, lakini kila mmoja wetu anayetafsiri kwa ajili ya jamaa walioko Maskati ameshapokea iliyofanana nayo. Ni cheti cha msiba kilichoandikwa kwa mkono, kikapigwa picha kwa simu na kutumwa ili mirathi ifunguliwe Oman. Mstari unaotuhusu unasema: "Amefariki usiku wa kuamkia Jumamosi, saa 5, tarehe 5 Ramadhani 1445, sawa na 15.3.24."

Mfasiri mwangalifu anafungua programu ya kugeuza tarehe. Anaandika 15 Machi 2024 na kupata 5 Ramadhani 1445. Tarehe mbili zimekubaliana, roho inatulia. Anatafsiri "siku ya Ijumaa, 5 Ramadhani 1445, 15 Machi 2024", na maneno "usiku wa kuamkia Jumamosi" anayaacha, kwa kuwa siku imeshajulikana. Hapo ndipo alipokosea, na programu ndiyo iliyomtuliza asiligundue kosa.

Programu nyingi za simu hufuata kalenda ya Ummul-Qura ya Saudia, ambayo hupangwa kwa hesabu kabla mwezi haujaandama. Mwaka ule Saudia ilianza kufunga Jumatatu, 11 Machi. Oman ilianza Jumanne, 12 Machi. Kwa hiyo mchana wa Ijumaa, 15 Machi, Saudia ilikuwa tarehe 5 Ramadhani na Oman ilikuwa tarehe 4. Msomaji wa Maskati akikuta "Ijumaa, 5 Ramadhani" ataona tarehe isiyolingana na kalenda yake, na ana haki ya kukirudisha cheti.

Aliyeandika cheti, kwa upande wake, hakukosea hata kidogo. Yeye aliwafuata walioanza kufunga tarehe 12. Siku ya Kiislamu huanza jua linapotua, nasi wa pwani tunalijua hilo bila kufundishwa, ndiyo maana usiku wetu huitwa kwa siku inayokuja. Magharibi ya Ijumaa ilipoingia, kwake tarehe 4 ilikuwa imekwisha na tarehe 5 imeanza, lakini kwa kalenda ya miladia bado ilikuwa 15 Machi mpaka saa sita ya usiku. Kifo kilitokea saa tano ya usiku. Maneno yale matatu, "usiku wa kuamkia", ndiyo yaliyozifanya tarehe mbili zikubaliane. Ukiyafuta, umeifuta sababu ya tarehe yenyewe. Mjane naye huhesabu eda yake ya miezi minne na siku kumi kwa miezi ya mwandamo, kwa hiyo si jambo la kupitishwa juu juu.

Sasa tuiandike kwa Kiarabu. Neno la karibu ni "lailatu s-sabti", nalo kwa asili lina maana ileile ya usiku unaotangulia Jumamosi. Tatizo ni kwamba Waarabu wengi wa leo wakilisikia hudhani ni Jumamosi jioni. Kwa sababu hiyo mimi hutanguliza jioni ya Ijumaa, kisha huliweka neno la asili kwenye mabano. Saa nayo igeuzwe, kwa kuwa saa tano yetu ya usiku ni saa kumi na moja kwao:

```
مساء يوم الجمعة (ليلة السبت)، الساعة الحادية عشرة ليلًا،
٥ رمضان ١٤٤٥هـ، الموافق ١٥ مارس ٢٠٢٤م
```

Herufi hee baada ya mwaka ni alama ya Hijria, na mim ni ya miladia. Zisiachwe kamwe, hata pale mwaka unapojieleza. Hijria imetangulia kwa sababu ndivyo ilivyo kwenye cheti. Mwezi nimeuandika kwa neno, na kuna sababu. Tarehe ya tarakimu tupu ndani ya mstari wa Kiarabu hubadilika sura kulingana na alama inayozitenganisha: ukitumia mkwaju hubaki ikisomeka kutoka kushoto, ukitumia kistari vipande vyake vinaweza kupangika kutoka kulia. Tarehe kama 5-9-1445 unaweza kuituma ikiwa sawa, ikaonekana kwa mwenzako mwaka ukiwa upande mwingine. Neno "maris" halipinduki. Hilo ndilo jina la Machi huko Ghuba. Karatasi ikienda Iraki au Shamu, andika "adhar".

Narudi kwenye picha, kwa maana nimezungumza kana kwamba mstari ulisomeka vizuri. Mara nyingi hausomeki. Tarakimu 5 ya mkono inaweza kuwa 6, na muhuri hupenda kukaa juu ya mwaka. Kwenye hati zenye tarakimu za Kiarabu hali ni ngumu zaidi: sifuri yao ni nukta, na nukta inaweza kuwa doa la karatasi au vumbi la kioo cha kamera. Mbili na tatu nazo huchanganya, kwa sababu tatu ya mkono mara nyingi huandikwa kama mbili ya chapa. Dawa yake ni kutafuta tarakimu hiyohiyo mahali pengine palipoandikwa na mkono uleule, halafu kuipima kwa jina la siku. Kwenye cheti chetu, kama 15 ingekuwa 16, usiku wa kuamkia Jumamosi usingewezekana, kwa kuwa 16 Machi saa tano ya usiku tayari ni kuamkia Jumapili. Jina la siku ni shahidi asiyetegemea kalenda yoyote kati ya hizo mbili. Pale lisipokuwepo na tarakimu haisomeki, omba picha nyingine, ya ukurasa mzima, mwanga ukitoka ubavuni. Ikikosekana, andika kwenye mabano ya mraba kwamba haikusomeka. Tarehe iliyomo kwenye jina la faili ni ya siku ya kupiga picha, haiwezi kuziba pengo hilo.

Kuna mtego mmoja ambao ni wetu peke yetu. Hati za zamani za pwani, na barua za wazee, huhesabu miezi kwa mfunguo. Mfunguo mosi ni Shawali, mwezi wa kwanza baada ya kufunga, kwa hiyo mfunguo nne ni Muharamu, mwezi wa kwanza wa mwaka wa Hijria. Mfasiri asiyejua huandika mwezi wa nne, yaani Rabiul-Akhir, na kuisogeza tarehe miezi mitatu mbele. Kwa Kiarabu liandikwe jina la mwezi, "Muharram", na neno la asili lielezwe katika maelezo ya mfasiri chini ya ukurasa.

Swali ninaloulizwa zaidi ni kama mfasiri aongeze tarehe ya pili pale karatasi ina moja tu. Msimamo wangu ni kwamba asiiongeze ndani ya matini. Karatasi ikisema 5 Ramadhani peke yake, mfasiri hajui mwandishi alifuata mwandamo upi, na akiandika 15 Machi ameshaamua jambo ambalo ni la kadhi. Mteja akiisisitiza, iwekwe chini ya ukurasa, na itajwe kalenda iliyotumika. Na karatasi ikiwa na tarehe mbili zinazogongana kweli, zote mbili ziandikwe kama zilivyo, na mgongano utajwe hapohapo chini, kwa jina la mfasiri na sahihi yake.